Kabla Sijakata Simu

Mara ya kwanza ni jirani aliyenipigia simu kliniki ya macho, kwa sababu Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha salamu tu. Akaambiwa saa nne asubuhi, ambayo kwa Kiingereza huitwa kumi, naye akaniletea hiyo kumi kama alivyoisikia. Mimi na mama tukafika saa kumi alasiri, tumevaa vizuri, tukakuta daktari keshaondoka. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alirudi nyumbani, mtaani kwetu Kibuli, amenishika mkono. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira, nikaapa kwamba simu ya pili nitaipiga mwenyewe.

Nilijifunza miezi miwili, hapo hapo kwenye cherehani yangu. Ukutani nilibandika saa ya karatasi, kila namba na jina lake la Kiingereza pembeni. Jina la mama, la kwetu Bukavu, ni refu, na watu wa hapa hulikatakata. Kila herufi niliitafutia neno la Kiingereza ambalo hakuna asiyelijua. Niliyataja huku nikishona pindo, mpaka wateja wakadhani nimechanganyikiwa.

Siku ya simu nilikaa na kalenda mapajani, mama kitandani nyuma yangu. Dada wa mapokezi aliongea kama anayekimbizwa. Nikamwomba aende polepole. Nilipofika herufi ya tano ya jina la mama, dada yule akanihurumia, akaniambia:

"Mama, tuongee Kiswahili tu. Mimi nasikia kidogo."

Alikuwa na roho nzuri, lakini nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. Nikamshukuru, nikaendelea na herufi ya sita.

Akanipa miadi: Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Sikukata simu. Nilimrudishia yote, moja moja, kidole kikifuata kalenda, na kidole kikakwama.

"Samahani," nikasema kwa Kiingereza changu. "Tarehe kumi na nne ni Jumatano."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Nikadhani nimekosea mimi. Kisha akasema ni kweli, daktari wa upasuaji huja Jumanne peke yake, kwa hiyo ni tarehe kumi na tatu. Tungekwenda ile kumi na nne, tungemkosa tena. Nikamwomba anisomee na jina. Akalisoma herufi kwa herufi, na zote zilikuwepo.

Jioni hiyo nilikwenda kununua sukari nikitembea kama mke wa waziri. Ndiyo, najisifu. Niliistahili sukari ile.

Jumanne ilipofika tulikaa kwenye benchi mapema. Muuguzi akatoka na faili, akaita jina la mama, lote, bila kulikata popote. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Akasimama kabla sijamshika mkono.

"Wananiita mimi," akasema.