Mia ya Kimanga na Mia ya Lubarika

Mwaka ule nilikuwa na majivuno ambayo leo yananichekesha. Nilikuwa mchambuzi wa mikopo katika chama cha akiba pale Mulongwe, kando ya mto mjini Uvira, ofisi ya vyumba vitatu ambamo majalada yote hukaa kwenye rafu za juu, maana mto ukiamua kutembea haubishi hodi. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na diploma, na niliamini kwamba jedwali likipendeza kwa macho basi limesema kweli.

Mkuu wangu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Sote tulimwita Chefu. Hakuwa na haraka na kitu chochote, na mimi nilidhani hiyo ni dalili ya uzee. Nakiri sasa kwamba sijafanya kazi na mtu mwenye akili kumzidi.

Msimu ule chama kilikuwa na fedha za kununua moteri moja tu ya mashine ya kukoboa mpunga, na waombaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa Kimanga, mtaa wa hapo hapo mjini, mashine yake iko karibu na barabara, mtu mwenye maneno matamu na viatu visivyojua vumbi. Wa pili alikuwa mjane wa Lubarika, huko kwenye uwanda wa Ruzizi. Moteri yake ilikuwa inakohoa. Kama ingekufa kabla ya mavuno, wakulima wangepeleka mpunga wao kwingine, na mashine aliyoachiwa na marehemu mumewe ingebaki chuma cha kukalia kuku. Hayo aliyaandika mwenyewe kwenye barua yake ya maombi, bila kulalamika.

Kila mmoja alileta hesabu za miaka mitatu. Nilifanya nilichofundishwa shuleni: mauzo ya mwaka wa kwanza nikayaita mia, kisha nikapima miaka iliyofuata kwa hiyo mia. Kimanga ilitoka mia, ikaja mia na kumi na nane, ikafika mia na arobaini. Lubarika ilitoka mia, ikaja mia na nne, ikaishia mia na kumi. Nilichora mistari miwili, wa Kimanga wa kijani unaopanda kama mtu anayekimbilia kileleni, wa Lubarika wa kijivu, umelala. Chini yake niliandika kwamba mwombaji wa kwanza anakua na wa pili amedumaa. Neno hilo, amedumaa, nililipenda sana. Nilimpelekea Chefu karatasi nikasimama nikingoja sifa.

Alisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa upole:

“Mudogo yangu, hii mauzo ya Kimanga iko katika feza gani?”

Nikasema faranga.

“Na ya ule mama?”

Nikafungua jalada. Mjane alikuwa anauzia wanunuzi wa jumla kutoka Bukavu, nao wanalipa kwa dola, kwa hiyo hesabu zake zote zilikuwa za dola. Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Sisi watu wa Uvira tunaishi na sarafu mbili mfukoni tangu utoto. Tunanunua nyanya kwa faranga na shamba kwa dola, na mara nyingi hata hatusikii tunapohama kutoka moja kwenda nyingine. Ndiyo maana kosa lile linaweza kumpata mtu wa kwetu mchana kweupe, akiwa na diploma yake ukutani.

Chefu hakunicheka. Aliniambia nitafute wastani wa bei ya dola kwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza ilikuwa faranga elfu mbili, mwaka wa tatu elfu mbili na mia nane. Nikageuza mauzo ya Kimanga kuwa dola, mwaka kwa mwaka, na ile mia na arobaini ikarudi kuwa mia kamili. Kilichopanda mlima ni bei ya dola. Biashara yenyewe ilikuwa imesimama palepale ilipoanzia, na yule niliyemwita amedumaa ndiye aliyekua.

Niliona aibu, nikataka kuandika upya haraka na kumpa mjane ushindi kabla ya chakula cha mchana. Chefu akanishika mkono. Alisema kukua peke yake si sababu, mtu anaweza kuuza zaidi huku anakula hasara zaidi. Akachukua karatasi nyeupe na rula, akanifundisha kwa penseli kitu ambacho nilikuwa nimekifaulu kwenye mtihani bila kukielewa.

Kila mwaka, mauzo yote ya mwaka huo unayaita mia. Halafu kila mstari ulio chini yake, ununuzi wa mpunga, mafuta ya moteri, gharama nyinginezo, faida, unauliza umekula ngapi katika ile mia. Duka kubwa na duka dogo yanakaa meza moja. Na kwa kuwa unagawanya faranga kwa faranga za mwaka uleule, au dola kwa dola za mwaka uleule, ile mia haina sarafu. Nilimtazama akipiga mistari yake iliyonyooka na nikampenda kama mtoto anavyompenda mwalimu.

Kimanga, mwaka wa kwanza: mpunga sabini, mafuta nane, mengineyo kumi na mawili, faida kumi. Mwaka wa tatu: mpunga sabini na mbili, mafuta nane, mengineyo kumi na mawili, faida nane. Lubarika, mwaka wa kwanza: mpunga sabini na mbili, mafuta kumi na mawili, mengineyo kumi, faida sita. Mwaka wa tatu: mpunga sitini na nane, mafuta kumi na manne, mengineyo kumi, faida nane.

“Nane na nane,” nikasema. “Basi wako sawa.”

“Wako sawa leo,” Chefu akajibu. “Lakini mumoja iko anapanda ngazi, mwingine iko anashuka. Wamekutana tu katikati.”

Kisha akaweka ncha ya penseli kwenye mstari wa mafuta wa mjane, kumi na manne dhidi ya nane za Kimanga, akasema hapa kamati ya mikopo itamkamata. Akaisogeza kwenye mstari wa mpunga, ulioshuka kutoka sabini na mbili mpaka sitini na nane, akasema na hapa watamwita mwizi. Nikamuuliza jibu ni lipi. Akaniambia asilimia inakuonyesha mahali pa kuuliza tu, jibu liko Lubarika, na pikipiki ziko nje.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Mjane nilimkuta uani kwake, amepiga magoti juu ya turubai la plastiki lililotandazwa mpunga, akiugeuza kwa mkono. Mama mrefu, mwenye sauti ya chini, anayezungumza Kirundi na wakulima na Kiswahili na wageni kama mimi. Moteri ilikuwa inanguruma nyuma, inatoa moshi mweusi kila baada ya muda. Juu ya mafuta sikuhitaji kuuliza, nilikuwa nayavuta puani.

Nilimuuliza kuhusu mpunga: kwa nini kila mwaka unakula sehemu ndogo zaidi ya mauzo yake? Anawapunja wakulima bei? Niliuliza hivyo hivyo, kwa ukavu, na bado najilaumu. Hakukasirika. Aliokota punje moja, akaiuma kwa meno ya mbele, akaitema, akanipa nyingine niume. Yangu ilibonyea.

“Weye unaona? Hii ingali na maji,” akasema. “Nikiisaga leo, inavunjika. Muchele ya kuvunjika, watu ya Bukavu hawaitake.”

Alinieleza polepole. Zamani alikuwa anakoboa chochote kilicholetwa. Miaka miwili iliyopita alinunua maturubai, akaanza kuanika upya kila gunia analonunua, na hagusi moteri mpaka punje ipasuke kwenye jino. Gunia lilelile, kwa bei ileile kwa mkulima, sasa linampa mchele mzima zaidi, na mchele mzima una bei. Hakuwa amesikia jina la lolote kati ya majedwali yetu, lakini zile nne zilizoshuka katika mia yake, alizishusha kwa meno. Nilirudi Uvira nikiwa na mchele wake kwenye karatasi, kilo moja, punje ndefu zisizovunjika. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nikamwonyesha mpaka dereva wa pikipiki.

Kamati ilikaa Ijumaa. Chefu alinipa karatasi mbili, ile ya kwanza yenye mstari wa kijani na ile ya penseli, akasema nitaanza na ya kwanza na nitaeleza nilikosea wapi. Nilimwomba aniondolee aibu hiyo. Alikataa, alisema mwenyekiti tayari ameisikia ile mia na arobaini kutoka kwa mwombaji mwenyewe na anaiamini, na hakuna atakayeing'oa vizuri kuliko mtu aliyeiamini vilevile. Basi nikasimama nikajianika mbele ya watu saba.

Mwenyekiti aliuliza swali lilelile la mafuta: kwa nini tumpe mtu anayechoma kumi na manne wakati mwenzake anachoma nane? Chefu alijibu kwamba hizo sita za tofauti ndizo moshi wa moteri mbovu, na ndiyo sababu anaomba nyingine. Hata moteri mpya ikiokoa nusu ya hizo sita tu, faida inatoka nane inakuwa kumi na moja, na mkopo unalipika. Mwombaji wa Kimanga, kwake mafuta hayajawahi kuwa tatizo. Kinachomla ni bei ya mpunga, na moteri mpya haitibu hilo. Chefu akaomba mtu huyo aitwe, aelezwe kwa heshima, arudi mwakani. Mwenyekiti alizungusha kilo yangu ya mchele mezani, kila mtu akachota kiganja. Mjane akapata moteri.

Mwaka uliofuata Chefu alikuwa amestaafu, na mimi ndiye niliyekwenda Lubarika kuchukua hesabu. Moshi mweusi haukuwapo. Kwenye mlango wa ghala mjane alikuwa ameandika kwa mkaa safu yake mwenyewe, kwa kila mia, kama tulivyomwonyesha alipokuja kusaini mkopo: mpunga sitini na nane, mafuta tisa, mengineyo kumi, iliyobaki kumi na tatu. Nilijumlisha kichwani mara mbili, kwa mazoea. Ilikuwa mia.

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kuna karatasi ya kwanza, kwamba nilimwandika amedumaa kwa sababu nilipima faranga kwa dola, na kama si Chefu moteri yake ingekwenda Kimanga. Alisikiliza huku mkono wake unageuza mpunga juani. Kisha akachukua punje moja, akaiuma, ikapasuka.

“Minye sikukasirikie, mutoto wangu,” akasema. “Ile karatasi yako ya kwanza ilikuwa haiyakauka.”