Atomu Kumi na Tatu za Oksijeni

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ya kutwa huko Riruta, niliarifiwa kwamba mhadhiri wangu wa chuo angekuja Jumanne kunikagua. Somo lilikuwa kemia, kidato cha tatu: kuungua kwa haidrokaboni, yaani vitu vilivyoundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake.

Nikachagua propani, mojawapo ya gesi za kupikia. Niliichagua kwa ujanja, kwa sababu hesabu yake hukubali bila kusumbua.

Mhadhiri alifika mapema, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akaketi nyuma na faili lake. Nilikuwa nimegawa darasa kwa safu tatu: safu ya dirishani ilinde kaboni, ya katikati haidrojeni, ya mlangoni oksijeni. Kila safu ihesabu atomu zake pande zote mbili za mshale.

Nikaandika: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O.

"Kaboni tatu, tatu," wakasema wa dirishani.

"Haidrojeni nane, nane."

"Oksijeni kumi kushoto. Kulia sita na nne, kumi."

Nikapumua. Ndipo msichana mmoja wa safu ya mlangoni akainua mkono. Mama yake alikuwa akiuza mitungi ya gesi Kangemi.

"Mwalimu, gesi ya kupikia ina butani pia. Tufanyie hiyo."

Ningeweza kusema tutaifanya kesho. Lakini mhadhiri aliacha kuandika akaniangalia, nami nikaona haya. Nikaandika C₄H₁₀ na oksijeni upande wa kushoto. Kaboni nne zikatoa 4CO₂. Haidrojeni kumi zikatoa 5H₂O. Safu mbili zikaridhika.

"Oksijeni?" nikauliza.

"Nane kwenye kaboni dioksidi, tano kwenye maji. Kumi na tatu," akajibu yule msichana. "Na zinatembea mbili mbili. Moja itabaki bila mwenzake."

Kijana wa dirishani akasaidia. "Andika tu O₁₃."

Darasa likacheka, na mimi pia. Nikawaeleza kwamba namba ndogo ya chini hatuigusi, maana tukiigusa tunakuwa tumetengeneza kitu kingine. Tunachoruhusiwa kubadilisha ni namba ya mbele. Hapo nikiwa bado nasema, kwa haraka na woga, nikaandika 13 mbele ya O₂ na kuacha mengine yote vilevile.

Safu ya mlangoni ikaanza kukagua. Niliwasikia wakihesabu kwa vidole.

"Mwalimu," msichana akasema kwa upole, "kushoto sasa ni ishirini na sita. Kulia bado ni kumi na tatu."

Nikaweka chaki chini.

"Niwaambie ukweli," nikasema. "Propani niliichagua kwa sababu ni rahisi. Hii nimekosea. Tuifanye pamoja."

Ajabu ni kwamba woga ulinitoka. Nikafuta ile kumi na tatu, nikaandika sita na nusu mbele ya O₂. Hesabu ikakubali, lakini kijana wa O₁₃ akataka kujua nusu ya molekuli inapatikana wapi.

"Haipatikani," nikasema. "Kwa hiyo tufanye nini na hiyo nusu?"

"Zidisha kwa mbili," akasema msichana. "Lakini kila kitu, si oksijeni peke yake."

Nikamkabidhi chaki. Akaandika bila papara:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

"Kaboni nane, nane."

"Haidrojeni ishirini, ishirini."

Safu ya mlangoni ikachukua muda wake. "Kushoto ishirini na sita. Kulia kumi na sita, na kumi za maji. Ishirini na sita."

Wakapiga makofi. Kengele ilikuwa imeshalia, na mazoezi niliyopanga kuwapa yalibaki kwenye daftari langu.

Mhadhiri alinipunguzia alama za muda. Za kushirikisha wanafunzi akanipa zote. "Hata mimi niliposomea ualimu nilikuwa naikwepa butani," akaniambia tukishuka ngazi, na tukacheka mpaka langoni.

Alhamisi msichana alinisubiri mlangoni na karatasi. Alikuwa ameendelea peke yake: pentani, yenye kaboni tano, ilikubali mara moja kwa molekuli nane za oksijeni, heksani, yenye sita, ikamletea atomu kumi na tisa za oksijeni, ikabidi azidishe.

"Kaboni zikiwa namba witiri, haisumbui," akasema. "Zikigawanyika kwa mbili, lazima uzidishe. Nimerudi nikajaribu methani ya kaboni moja na ethani ya mbili. Ni hivyo hivyo."

Nilikuwa na shahada karibu mkononi na sikuwahi kuliona hilo. Nikachukua kalamu, tukakaa kwenye ngazi, tukaanza kutafuta kwa nini.