Nilimwandikia Binamu Yangu Aache Kujichubua, Akaanguka

Admin, nifichie jina tafadhali, watu wa ukoo wetu wamejaa kwa hii page. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, naishi mtaa wa Pipeline, nafanya kazi kwa kiwanda cha mabati. Ninayemzungumzia ni mtoto wa auntie, dadake mamangu. Nitamwita Felo. Ana miaka ishirini na nne. Tulilelewa nyumba moja Kaloleni, tukalala kitanda kimoja mpaka nikamaliza shule. Kwetu huyo haitwi binamu, ni ndugu.

Felo alizaliwa mweusi tititi. Anauza suti za harusi mjini, na miaka miwili iliyopita akaanza kung'aa. Mwanzoni watu walimsifu. Mimi nilimuuliza mara tatu, na kila mara alivaa viatu akatoka. Ndipo nikachukua karatasi nikamwandikia, nikaitia kwa mfuko wa koti lake. Nilibaki na nakala, niliyoandika ni haya:

"Felo, ndugu yangu. Jumapili ulivua shati nikaona. Kwapani una michirizi myekundu kama tumbo la mama aliyejifungua. Ulijikata na wembe kidevuni, wiki ya tatu sasa kidonda hakijafunga. Uso umekuwa mweupe lakini vifundo vya vidole vimekataa, na chini ya macho umetoka madoa ya kijivu ambayo unayafukuza kwa kupaka zaidi. Hiyo krimu unakorogewa kwa mkebe usio na jina. Nimesoma kwamba nyingine huwa na zebaki, na zebaki huua figo. Kuna jambo lingine sijawahi kulisema. Ni mimi niliyeanza kukuita Masizi. Nilikuwa darasa la saba, nilitaka tu wenzangu wacheke, na mtaa mzima ukalishika. Nisamehe. Makosa ni yangu, usiyalipe kwa ngozi yako. Tupa kila kitu leo, usipake hata tone. Nitatembea na wewe mpaka rangi yako irudi."

Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe: "Nimetupa zote, bro, kwa ajili yako." Nililia kwa furaha hapo kiwandani, nikasingizia vumbi.

Siku ya nne akanipigia. "Uso unawaka, bro. Hata maji yakinigusa ni kama pilipili. Hii moto itaisha lini?"

Nikamjibu kama mtu anayejua. "Vumilia, ni sumu inatoka."

Nilienda kumwona. Uso ulikuwa mwekundu, umevimba, unatoa majimaji. Nikamwambia tena avumilie. Wiki ya pili akaanza kutapika na kuona kizunguzungu kila akisimama. Jumamosi asubuhi nikamkuta sakafuni, amelegea, anaongea maneno yasiyoshikana. Nikaita majirani, tukambeba mpaka hospitali. Auntie alifika akiwa bado na leso ya jikoni.

Walimpima malaria, hakuna. Wakamwekea maji, lakini presha ikaendelea kushuka. Felo akamwangalia mamake, akanishika mkono akanong'ona, "Usiwaambie. Mathe asijue."

Daktari, mama wa makamo, akauliza, "Kuna dawa yoyote amekuwa akitumia?"

Felo akatikisa kichwa. Auntie naye akasema, "Huyu hata panadol hapendi."

Daktari akanigeukia mimi. Nilitazama ile mashine ya presha, nikamtazama auntie. Nikasema. Nikasema yote, kwamba ni krimu ya kujichubua, mwili mzima, asubuhi na jioni, miaka miwili, na kwamba nilimwambia aache ghafla. Kwa simu nilikuwa na picha niliyopiga kwa muuzaji wake wa krimu, ya tyubu alizokuwa akizichanganya. Daktari aliikuza kwa simu, akaita nesi alete sindano mara moja.

Baadaye alinieleza. Hizo tyubu zilikuwa na steroidi kali, ile hutolewa kwa ugonjwa wa ngozi, sehemu ndogo, kwa siku chache. Ukijipaka mwili mzima kwa muda mrefu inaingia hadi damuni, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni ya aina hiyo, maana mwili unapata ya bure. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila chochote, presha inaanguka. "Kuacha ni lazima," akasema, "lakini mtu wa namna hii huachishwa polepole, akiangaliwa na daktari. Hiyo haikuwa sumu inatoka."

Maneno hayo yalinichoma. Kumbe barua yangu ndiyo ilimlaza pale.

Sindano ya homoni hiyo ilimrudisha. Alipofungua macho vizuri, auntie alikuwa amekaa kando yake. "Mwanangu," akamwambia, "hiyo rangi mimi ndiyo niliyokuzaa nayo. Nilikukosea wapi?" Felo akageukia ukuta.

Aliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya kupunguza kidogo kidogo, na tarehe za kliniki. Siku hiyo nilimshikia begi. Akaninyang'anya. "Uliandika utatembea na mimi," akasema. "Halafu ukanivua nguo mbele ya mamangu."

Sasa amehamia mtaa wa Lucky Summer kwa rafiki yake. Hapokei simu zangu. Juzi huyo rafiki aliniambia kwamba Felo hakwenda kliniki, vidonge vinakaribia kuisha, na kuna mkebe mpya wa krimu nyuma ya kioo. Rangi inarudi mabaka mabaka na wateja wanamuuliza maswali.

Nikimwambia auntie, Felo hatanisamehe maisha yake yote. Nikienda mwenyewe, huenda akafunga mlango na kumfukuza hata huyo rafiki anayeniletea habari. Nikinyamaza, naogopa nitaitwa kumbeba mara ya pili, na safari hii nitakuwa najua ni nini. Mara ya kwanza nilimshauri kwa upendo na nusura nimuue. Mliopitia haya, wenyewe au na mtu wenu, niambieni: naingia vipi kwa huo mlango?