Meno Mfukoni

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Mama Mashine aligeukia ukuta na kuinamisha kichwa. Wateja walidhani anaomba dua, wakanyamaza kwa heshima. Kumbe alikuwa anatoa meno.

Yalikuwa meno ya bandia, ya juu na ya chini. Aliyafunga kwenye leso, akayatia kwenye mfuko wa aproni, akavaa barakoa, kisha ndipo akageuka. Mashine yake ilisaga chakula cha mifugo: mahindi, pumba na mashudu. Vumbi lake ni jepesi kama moshi na linakaa kila mahali, hata kwenye kope. Enzi alizokuwa akijifunga kitambaa tu puani, vumbi hilo lilipenya mpaka chini ya meno, likasaga ufizi kama msasa. Akajifunza kuyavua. Na kwa kuwa mdomo ulifunikwa kutwa nzima, hakuna aliyejua. Aliyekuwa anajua ni marehemu mumewe peke yake. Hata Kitinda, mwanawe wa mwisho aliyekuwa akimpokelea magunia, alikuwa akiwaambia watu, "Mama yangu ana meno ya ujana mpaka leo."

Halafu ikaja homa. Ilikuwa homa ya ajabu, yenye ratiba kama mfanyakazi wa serikali. Mchana hayupo, jioni anabisha hodi. Alitetemeka, akakohoa kikohozi kikavu, kifua kikambana, na kesho yake akaamka mzima. Wiki ya msiba wa jirani, mashine ilipofungwa, homa haikuja kabisa.

Daktari alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akatazama picha ya kifua.

"Ni vumbi la nafaka, Mama. Hasa lenye ukungu. Mapafu yako yanalikataa, na kila yakilikataa yanakakamaa kidogo. Dawa kubwa ni kuliacha."

"Niache vumbi au niache mashine?"

"Kama unaweza kutenganisha hivyo viwili, jaribu. Vaa barakoa ya kweli, si hizo za kuzuia mate. Tutakupima pumzi. Ikiendelea kushuka, funga mashine."

Mashine ile ndiyo iliyobaki ya maisha yake na mumewe. Kuifunga ilikuwa kama kumzika mara ya pili.

Ndiyo maana Kitinda alimpeleka kwenye duka la vifaa vya kazi. Muuzaji alikuwa binti mmoja mwenye sauti ndogo na maneno mengi. Aliwaeleza kwamba barakoa za vumbi hupimwa kwa namba: moja ni ya vumbi la kawaida, mbili inazuia zaidi, tatu ndiyo inayokamata hata mbegu za ukungu zisizoonekana kwa macho. Kitinda alishika moja yenye vikopo vikubwa vya kutisha. "Hii je? Inaonekana ya vita."

"Hivyo vikopo ni vya mvuke wa rangi, kaka. Vumbi linahitaji kichujio chake. Ukubwa si hoja." Akatoa barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vilivyoandikwa P3. "Lakini namba peke yake ni ahadi tu. Ukingo usiposhika uso, hewa inapita pembeni. Hewa ni mvivu, inafuata njia rahisi."

Akamvisha Mama, akamfunika kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki yenye dirisha, akapuliza ndani yake maji machungu, ya kupima tu. Kwanza alikuwa amemwonjesha kidogo bila barakoa, ahakikishe ulimi wake unayasikia. Mama akageuza shingo, akainama, akahesabu kwa sauti. Hakusikia uchungu wowote, maana yake hewa haikupenya pembeni. Wakaondoka na barakoa yao.

Homa haikuondoka.

Mama alipopimwa tena, pumzi ilikuwa imeshuka. Daktari hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha. "Kama na barakoa ile bado, Mama, basi tumefika mwisho. Ifunge."

Kitinda alikwenda dukani kama moto wa nyasi, mama yake akimfuata nyuma huku akihema.

"Mmetuuzia feki! Mama anakufa na nyinyi mnachekacheka hapa!"

Mwenye duka akatoka ndani, akamkazia macho binti. Binti akanyoosha mkono. Aliipokea barakoa, akapima kamba, akakagua vichujio, akafunua vipande vyembamba vya mpira vinavyoruhusu pumzi kutoka. Vyote vizima. Akamvisha Mama, akapuliza maji machungu. Hakuna uchungu.

"Sioni kosa, Mama," alisema, na sauti yake ikazidi kuwa ndogo. "Labda mzigo wote ni mbovu. Mimi ndiye niliyeusifia."

"Kesho usije," mwenye duka akamwambia.

Mama Mashine alimtazama yule binti akikunja ile kofia taratibu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kitinda, mwanangu, toka nje kidogo."

"Nitoke niende wapi? Siondoki mpaka waseme ukweli!"

"Haya. Basi kaa uuone."

Hakugeukia ukuta. Aliyatoa meno mbele yao, ya juu, kisha ya chini, akayaweka kiganjani. Mashavu yake yakaingia ndani, kidevu kikapanda, na Kitinda akamwona bibi mmoja asiyemjua akimtazama kwa macho ya mama yake.

"Nipime hivi," alisema Mama. Maneno yalitoka laini, bila kingo. "Hivi ndivyo ninavyofanya kazi."

Binti akamvisha. Mpulizo wa kwanza tu, Mama akakunja uso, akapiga kofia kwa kiganja. Uchungu ulimjaa mdomoni. Binti akapitisha kidole kando ya taya, penye pengo la kupita karatasi.

"Ni hapa. Meno ndiyo yanayosimamisha shavu. Bila meno, mpira hauna pa kuegemea." Akauliza kwa upole, "Kwa nini unayatoa, Mama?"

"Pumba. Zinaingia chini yake zinaniumiza."

"Zilikuwa zinaingia ulipokuwa unavaa nini?"

"Kitambaa."

"Sasa barakoa ikishika, hizo pumba zitapita wapi?"

Mama akavua barakoa, akayarudisha meno mdomoni. Mwenye duka alirudi ndani bila neno, na binti akajua kesho atakuja.

Njiani Kitinda alibeba barakoa mikono miwili, kama anabeba mayai. "Baba alijua?"

"Ndiye aliyenipeleka kutengenezewa. Wewe ulikuwa mgongoni."

"Ungeniambia, Mama. Ningekucheka siku moja, basi, yakaisha."

"Najua. Ndiyo hiyo siku moja niliyoiogopa."

Tangu hapo alisaga na meno yake mdomoni. Kila alipovaa barakoa alifunika vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi taratibu. Mpira ukimfyonza na kubaki umemfyonza, ndipo anawasha. Magunia yenye ukungu aliyarudisha mlangoni, hata ya marafiki, na wengine wakanuna wakahamia kwingine. Homa ya jioni ilipungua, ikawa ya mara mojamoja, ikakoma.

Daktari alimpima pumzi, akarudia, akalinganisha.

"Haijashuka," akasema.

"Imepanda?"

"Hapana. Kilichokakamaa hakirudi, Mama. Tunalinda kilichobaki. Nikiona inashuka tena, hatutajadiliana."

"Hatutajadiliana," Mama akakubali.

Ngazi za hospitali zilikuwa ndefu. Katikati ya kushuka alisimama, akashika ukuta, kifua kikipanda na kushuka. Kitinda alisimama ngazi ileile, akatazama watu wakipita, wala hakumharakisha.

"Twende," alisema Mama baadaye. "Kuna mtu wa kuku ananisubiri."