Nilikataa Kuizima Taa ya Seva

Nimefukuzwa kazi mara moja tu maishani, na nilifukuzwa kwa sababu ya taa. Taa ndogo, haifiki hata ukubwa wa punje ya dengu, rangi ya machungwa, mbele ya seva ya kiwanda cha maziwa huko Eneo la Viwanda, Thika. Watu wakiniuliza mpaka leo nasema hivyo hivyo, na sioni aibu hata kidogo. Wacha wacheke.

Kazi yangu ilikuwa kutunza hiyo seva. Kila mtungi wa maziwa uliofika langoni ulipimwa, na matokeo yakaingia kwenye mashine: maziwa ya nani, yana maji au hayana, yameanza kuchacha au bado. Sheria ya kiwanda ilikuwa moja, na ni sheria nzuri: maziwa ambayo hayajaingia kwenye mashine hayaingii kwenye tangi. Kwa hiyo seva ikilala, lango linafungwa, na maziwa yanakaa nje kwenye jua. Na maziwa hayajui kungoja.

Mimi nayajua maziwa hayo yanakotoka. Kanisani kwetu kuna shosho mmoja, bibi mzee wa upande wa Gatuanyaga, kule kwenye vumbi, ana ng'ombe wake ambao anawakatia majani kwa mkono wake mwenyewe. Mtungi wake ulikuwa unapanda boda asubuhi, unaungana na mingine kwenye lori, unakuja kwetu. Ndio uliokuwa unamlisha, yeye na wajukuu. Mimi ni mtu wa magharibi, sina shosho wa damu huku, kwa hiyo nikamchukua huyo awe wangu, na yeye akakubali bila maneno mengi.

Sasa, ile taa. Seva za maana zina kadi za memori zinazojikagua zenyewe. Kila data inayowekwa humo inawekwa pamoja na alama za ziada. Biti moja ikigeuka, sifuri ikawa moja, zile alama zinaonyesha ni ipi hasa, mashine inairekebisha papo hapo, kazi inaendelea, na inaandika kwenye logi yake, yaani daftari lake la ndani: nimerekebisha kosa, kadi ya nafasi fulani. Kosa moja leo, jingine baada ya miezi, hilo ni jambo la kawaida, usikose usingizi. Lakini makosa yakianza kurudi kwenye kadi ile ile, na kila wiki yanazidi ya wiki iliyopita, taa ya machungwa inawaka: hiyo kadi inakuaga kwaheri. Siku biti mbili zitageuka kwa pamoja mahali pamoja, mashine itajua kuna uongo lakini haitajua uko wapi. Hapo inajizima makusudi. Afadhali ilale kuliko iandike maziwa ya mtu kuwa maji.

Kadi yetu moja ilikuwa imeanza hivyo. Na ningeigundua mapema kama si tabia moja ya pale kiwandani. Kila taa ilipowaka, aliyenitangulia alikuwa anafuta logi yote. Ukifuta logi, taa inarudi kijani. Meneja anapita, anaona kijani, anafurahi, anasema mashine iko poa. Kila mwezi hesabu inaanza upya, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kwamba inapanda. Ati usafi! Nilipoingia mimi nikasema, hapa hakuna kufuta kitu.

Siku ya kuosha matangi hakuna maziwa yanayopokelewa, kwa hiyo niliomba ruhusa nikaizima seva, nikaihamisha ile kadi kwenye nafasi ya mwenzake, na ya mwenzake nikaiweka pale ilipokuwa. Ndivyo unavyojua mgonjwa ni nani. Makosa yakibaki pale pale, shida ni ubao zinamochomekwa. Yakihama na kadi, shida ni kadi. Yalihama nayo.

Nikaenda kwa meneja. Nikamwambia kadi ni mbovu, naomba mpya.

"Mashine imezima?"

"Bado."

"Makosa si imerekebisha yenyewe?"

"Imerekebisha."

"Sasa wewe shida yako ni gani, mama?"

Haiya! Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, polepole, bila jeuri, jeuri ilikuja baadaye. Akasema ombi liende kwa watu wa manunuzi. Watu wa manunuzi wakaliweka chini ya kitu kingine kizito. Na kila asubuhi nilikuwa nafungua logi, makosa yanazidi, mpaka yale ya wiki nzima yakawa yanaingia kabla ya chai ya saa nne.

Halafu wakatangazwa wageni, wakaguzi wa mteja mmoja mkubwa. Kuta zikapakwa rangi. Meneja akapita chumba cha seva, akaiona taa.

"Hii nataka kijani kabla wageni wafike."

"Nipe kadi, nikupe kijani."

"Futa hiyo logi."

"Sifuti."

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa na kiti. Akaniambia nisiiguse mashine mpaka wageni waondoke, na nikiizima bila ruhusa yake nisijisumbue kurudi. Nilijua anamaanisha. Nina watoto, nalipa nyumba Ngoingwa, na kazi ya aina yangu haiokotwi barabarani. Lakini ilikuwa inaniuma kwamba mtu mzima anaweza kuonyeshwa moshi akaambiwa hapo kuna moto, yeye akatafuta kitambaa cha kufunika moshi.

Siku ya wageni, maziwa ya asubuhi yalipokwisha kuingia na ya jioni yakiwa bado kwa ng'ombe, niliizima. Sikujificha. Niliwaambia watu wa maabara, niliwaambia watu wa lango, nikafungua mlango wa chumba ukabaki wazi. Nikaitoa kadi mbovu pamoja na pacha wake, maana zinakaa mbili mbili. Mashine ingebaki na memori kidogo, ripoti zingekokota miguu, lakini ingebaki hai. Kwenye ile mbovu nikabandika kipande cha karatasi ya gundi, nikaandika kwa kalamu nene: MBOVU. Nikaziweka zote mbili kwenye meza yangu.

Wageni, bwana, walifika mapema. Meneja akataka kuwaonyesha mashine, akakuta skrini nyeusi. Seva ilikuwa ndiyo kwanza inawaka. Dakika chache tu ikaamka, ikafanya kazi, lakini yeye alikuwa ameshasimama mlangoni kwangu, macho mekundu kwa hasira.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Na mimi nilikwambia nini?"

Akaninyooshea kidole cha kunionyesha nje. Nilichukua kikombe changu na sweta yangu, nikatoka kwa mguu mpaka lango kuu. Nililia, sitakudanganya. Nililia kwa hasira, na nikakanyaga lami kana kwamba ndiyo iliyonifukuza.

Nikakaa nyumbani. Nikaanza kutengeneza kompyuta za majirani na za shule moja. Mambo yalikuwa magumu lakini hatukulala njaa. Shosho alipopita baada ya kanisa aliniuliza kama nimetubu. Nikamwambia nimtubie nani? Akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi moja nikasikia boda mlangoni. Ni shosho, na mtungi umejaa.

"Wamekataa," akasema. "Lori limezuiwa langoni, nimeufuata mtungi wangu kwa boda. Ati mashine imelala. Inaamka, inakaa kidogo, inalala tena. Nisaidie nichemshe kabla hayajachacha."

Sikuuliza mashine gani. Nilitoa sufuria zote, nikaazima za jirani, tukawasha jiko na gesi pamoja. Nyumba ikajaa mvuke. Shosho alikuwa anakoroga huku akisema yatakayochacha atayagandisha yawe mala, aoge nayo. Alikuwa anatania, lakini macho hayakutoka kwenye sufuria. Na yeye angalau alikuwa amepata boda ya kuuleta wake. Nilifikiria mitungi ya wengine, imepangwa pale kwenye lori juani.

Simu ikaita. Meneja.

"Mama, habari ya siku nyingi."

"Habari ni maziwa yanachemka jikoni kwangu. Sema."

Akaeleza. Baada ya mimi kuondoka, ripoti zilikuwa polepole, watu wa ofisi wakalalamika. Akaita fundi wa Ruiru. Fundi akaziona kadi mbili mezani, akazichanganya na zilizomo akizipanga zote upya, ripoti zikakimbia. Leo mashine ikaanguka maziwa yakiwa langoni. Fundi akaja tena mbio, akakuta taa nyekundu.

"Logi inasema nafasi gani?" nikauliza. "Ikianguka hivyo huwa inaandika."

Nikamsikia akimuuliza fundi.

"Tulifuta," akasema. "Tulidhani taa ndiyo inaizuia."

Ngai! Niliweka simu kifuani nikaangalia dari. Kadi zimejaa humo, zote sura moja, na moja ndiyo muuaji, na wamefuta jina lake kwa mikono yao wenyewe.

"Si niliandika mbovu juu yake?"

"Ile karatasi niliibandua mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Sikutaka fundi aione. Mama, kuja. Nakutumia gari. Kazi yako iko."

Ulimi ulikuwa umeshashika jibu, na lilikuwa jibu baya. Nilitaka akae hapo na lango lake. Nilitaka anuse yale maziwa yakichacha mpaka aelewe. Shosho alikuwa amesikia kila kitu. Hakuacha kukoroga.

"Mwambie, mwanangu," akasema. "Ng'ombe hajui mmekosana."

Nikavuta pumzi.

"Gari usitume," nikamwambia. "Mwambie fundi azime seva, achomoe waya za umeme, afungue kifuniko. Apitishe kidole kwenye kadi, moja moja. Ulibandua karatasi, gundi hukuiosha. Iko moja inanata."

Nikasikia vyuma, nikasikia fundi akinung'unika. Shosho alizima gesi ili asikie.

"Tumepata," meneja akasema. "Inanata."

"Itoe, na pacha wake. Washeni. Fungua lango."

Nilisikia feni za seva zikianza kuvuma. Akarudi kwenye simu, pumzi juu juu.

"Imekubali. Imekubali, mama. Asante." Halafu, mtu huyu, Mungu amsamehe, akaongeza: "Lakini kuna taa ya machungwa imewaka hapa mbele, ati kadi zimepungua. Naifuta wapi?"

"Wacha iwake!" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia, na nikakata simu.