Askari Asiyeliwa Haraka

Kocha wangu alikuwa dereva wa watalii. Sataranji alijifunzia kwenye lodge za Ngorongoro, akisubiri wageni wake. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Karatu, kazi sina. Jumamosi alikuwa anapeleka wachezaji wanne kwenye mashindano Arusha, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Asubuhi ile, wageni wakinywa chai, alipanga kete kwenye boneti ya Land Rover, akanipa nyeusi.

“Nitajie hatua zote unazozifikiria. Ukikosea, nafasi anachukua fundi wa gereji.”

“Malkia wangu anatoka b6, anakula askari wa b2.”

Akafumba macho. “Dogo, mara ngapi? Hii siyo drafti! Huku hakuna anayekulazimisha kula.”

“Lakini ni wa bure.”

“Farasi wangu anarukia a4, anamshika malkia wako. Haya, mtoe.”

Nikajaribu. Kila mraba ulikuwa na mlinzi.

“Mbona b5 siwezi kwenda?”

“Askofu wangu wa d3 anapaona. Malkia kwishnei. Hatua nyingine?”

“Kwa hiyo b5 analinda askofu peke yake?”

“Msomi, nimekuuliza hatua, siyo mtihani wa chuo! Leta ngome c8, tulia.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimesema.”

Jibu hilo nilikuwa nimeshalisikia nyumbani, kanisani na chuoni. Nikasukuma askari wangu wa c hatua moja hadi c4, akamlenga askofu wake kwa mshazari.

“Yaani!” Alipiga boneti, kete zikatetemeka. “Unafunga katikati. Kosa la mtoto wa darasa la tatu!”

“Askofu unampeleka wapi?”

“E2.”

“Sasa askari wangu amemziba, b5 haioni tena. Ndipo nakula yule wa b2. Ruka na farasi wako.”

Akaruka. Nikamtoa malkia hadi b5, na farasi wake akabaki pale ukingoni, halindwi na mtu.

Alirudisha kete kwa hasira. “Kabla hujala! Askofu namwacha, naruka na farasi sasa hivi, namshika malkia wako pale b6.”

“Malkia anakwenda a5, anamlenga farasi. Askari bado anamlenga askofu. Utaokoa yupi?”

Wageni wawili walitoka na kofia zao, wakasimama mlangoni mwa gari. Mmoja akaonyesha saa. Kocha akainua kiganja bila kuwatazama, akazunguka boneti na kuziangalia kete kutoka upande wangu.

“Nani amekufundisha hii?”

“Hakuna. Nimeuliza tu b5 inalindwa na nani.”

“Unachosha, dogo. Unachosha kweli.” Alikusanya kete kwenye mfuko wa turubai, akanitupia. “Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, hapa hapa. Na njiani, hadi tupite Makuyuni, sitaki kusikia ‘kwa nini’.”

“Kwa nini hadi Makuyuni?”

Akawasha gari.