Kazi Aliyoiacha na Kazi Aliyonayo

Ilianza Jumanne, saa tisa alasiri. Shangazi alirudi kutoka Kisarawe na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanitupia karatasi mapajani kabla hata sijamaliza kusema shikamoo.

"Marahaba. Haya, msomi. Soma uniambie mimi nafanya kazi wapi, maana karani wa bomani kashindwa kujua."

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na likizo ile ilikuwa imenichosha. Shuleni nilizoea kengele ya kunambia kaa, inuka, lala. Hapa Kibaha nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kutoka jikoni hadi barazani, na wageni wakija nilijificha chumbani. Kwa hiyo nilifurahi kupewa kitu cha kushika, mpaka nilipokisoma.

Bomani walitaka mkunga wa kliniki mpya ya kina mama pale Kisarawe. Kazi ile ilikuja na nyumba, vyumba viwili na ua wake. Shangazi alikuwa ameachika, akiishi chumba cha nyuma kwetu, na mama yangu naye ana ulimi. Hakuna aliyelisema hilo, lakini sote tulijua ile nyumba ina maana gani kwake. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka muhtasari wa kazi zake, upande mmoja wa karatasi, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatano.

Muhtasari wake alikuwa amemtamkia jirani mmoja, karani wa zamani wa shamba la mkonge. Uliandikwa hivi: ninalea watoto wa Mzungu Dar es Salaam. Ninasaidia manesi katika wodi ya wazazi hospitalini. Nilikuwa mkunga wa zahanati ya Kibaha. Ninafunda wari. Nilizalisha na ninazalisha. Karani wa bomani hakumkaripia, alimwuliza tu kwa upole kama yuko Dar au Kibaha, kama bado ni mkunga au amekwisha acha. Akamrudishia, akamwambia aandike upya, kesho asubuhi aulete.

Nilimwuliza Shangazi kwa nini kazi ya hospitalini imeandikwa kama ya leo, na aliiacha mimi sijaanza hata shule.

"Yule mtoto niliyempokea wodini, mama yake akiniona sokoni bado ananiita somo," alisema. "Kuna somo wa zamani? Mwari ukimfunda, wewe ni somo wake mpaka mmoja wenu azikwe. Sasa mimi nitasemaje nilikuwa?"

Hapo nikaelewa kosa lilikotoka. Kwetu mtu akishakushika mkono ndani, unapofundwa au unapojifungua, haitwi kamwe aliyekuwa somo. Shangazi alizihesabu kazi zake zote kwa kipimo cha kungwi. Yule jirani alijaribu kumrekebisha, akachoka katikati, basi mstari mmoja ukaenda huku na mwingine kule.

Sikuwahi kumfundisha mtu mzima kitu. Nilijisikia joto masikioni. Lakini mwalimu wetu alituonyesha namna ya kuandika mambo haya, nikayasema nikiangalia mkeka. Kazi uliyoiacha iandike kwa wakati uliopita, nililea, nilisaidia. Kazi uliyonayo iandike kwa wakati uliopo, ninapokea, ninapima. Ukishachagua, usiyumbe. Hata katika kazi ya leo, jambo lililokwisha, kama wale mapacha uliowapokea mwaka jana, litaandikwa nilipokea, kwa sababu lenyewe limekwisha ingawa kazi haijakwisha. Msomaji hakujui, na hicho ndicho kitakachomwonyesha uliko.

"Kwa hiyo hospitali niizike," alisema Shangazi.

Nikasema ndiyo. Alivua kanga ya kichwani akaikung'uta. Niliona inamwuma.

Baba alikuwa mlangoni akisikiliza. Yeye alitaka zote ziandikwe kwa wakati uliopita, na Kibaha pia. Zahanati ilikuwa na kufuli tangu mvua za masika zilipong'oa bati, na bomani walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Tukiandika ninafanya, wataona tunadanganya.

"Dada, mlango umefungwa," alisema. "Utaandikaje unafanya?"

"Kufuli ni la mlango, mdogo wangu. Mimi umeniona nina kufuli?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Baba hakuwa mkali, alikuwa na hofu tu, na hofu yake ikaniingia. Nilianza kuandika kwenye mchanga kwa kijiti: nilikuwa mkunga. Nikafuta. Mimi ni mkunga. Nikafuta. Kwa neno la kwanza angeonekana mwanamke asiye na kazi, anayeomba kusaidiwa. Kwa la pili angeonekana mwongo. Nilisimama, nikaenda kisimani bila ndoo, nikarudi.

Jua lilikuwa linashuka alipofika mwanamume mmoja kwa baiskeli kutoka Misugusugu, shati limemganda mgongoni. Hakuuliza zahanati, aliuliza mkunga yupo. Mkewe alikuwa ameanza uchungu tangu adhuhuri. Shangazi alikuwa ameshachukua mfuko wake kabla hajamaliza.

Ilibaki karatasi moja safi. Shangazi aliinama, akatia sahihi yake chini kabisa, herufi kubwa zinazoegemeana, akanipa.

"Jaza juu yake," alisema. "Ila nisomeke nikiwa hai."

Akapanda nyuma ya baiskeli, akaondoka.

Nilikaa na ile karatasi nikiogopa hata kuipumulia. Baba alisema fanya unavyoona, na hilo lilinitisha zaidi ya kukatazwa. Nilipanga kwanza kwenye ubao wangu wa shule. Hu au na? Huzalisha inasikika kama habari za watu wengine. Nimekuwa nikizalisha inaburura miguu. Nikachagua na, nikashikamana nayo. Nikaandika: Mimi ni mkunga wa zahanati ya Kibaha. Zahanati imefungwa ikisubiri bati. Ninawapokea wazazi majumbani mwao. Nikaandika nililea, nikaandika nilisaidia, na kwa kila neno kama hilo nililotia nilihisi namnyang'anya kitu. Ufundaji wa wari niliuandika kwa wakati uliopo, maana huo kweli hajauacha, na nikaacha yanayosemwa ndani yabaki ndani. Nikapitia kila mstari kwa kidole, nikitafuta palipoyumba.

Asubuhi Shangazi hakuwa amerudi. Baba akanichukua, tukapanda lori la mihogo hadi Kisarawe, mimi nimeishika karatasi kati ya madaftari mawili isikunjike. Bomani kulikuwa na watu dirishani. Zamu yetu ilipofika nilijificha nyuma ya Baba kama kawaida yangu, lakini alisogea pembeni akaniacha peke yangu mbele ya karani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Misugusugu. Anazalisha."

Alisoma. Alirudi juu akasoma tena, kalamu yake ikisimama mahali pa zahanati.

"Hapa si pamefungwa?"

"Pamefungwa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Yeye anafanya kazi."

Hakuniuliza lingine. Aliigonga mhuri, akaiweka juu ya nyingine zilizopokewa, akamwita aliyekuwa nyuma yetu. Sikuondoka. Nilisimama nimeshika ukingo wa dirisha, nikiiangalia ile karatasi, mpaka Baba akanivuta bega.